Sanduku la Shangazi: Picha Ilisema Nini, Ikaficha Nini

Juni 2025 shangazi alinitumia picha ya sanduku lake la huduma ya kwanza, vyote vimemwagwa mezani, na swali moja: "Mwanangu, nitupe kipi?"

Nilimwomba kwanza atenge mafungu mawili na kupiga picha upya: dawa kushoto, vya kufungia kidonda kulia. Mafungu hayo huharibika kwa njia tofauti, na hata tarehe zake huandikwa tofauti.

Upande wa dawa, karatasi ya parasetamo ilionekana haina tarehe. Kumbe ilikuwapo. Imegongwa ukingoni bila wino, na mwanga wa kamera ukipiga moja kwa moja alama kama hizo humezwa na mng'ao. Akazima mwanga wa kamera, akamulika tochi kutoka ubavuni, herufi zikajitokeza kwa vivuli vyake: EXP 08/2025. Mwezi ukiandikwa bila siku, dawa hutumika mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo, kwa hiyo ilibaki. Kipande kingine chenye vidonge viwili kilikuwa kimekatwa kwa mkasi na ukingo wake haupo. Kwa kuwa hakuna cha kusoma, nilikihesabu kimeisha muda.

Chupa ya matone ya macho ndiyo ingeweza kutudanganya. Ilisomeka EXP 11/2026, lakini shangazi aliifungua Februari. Tarehe ya kiwandani inahusu chupa ambayo haijafunguliwa. Matone mengi ya macho hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa, maana mdomo wa chupa hugusa kope na kubeba vijidudu. Hiyo nayo ikaenda.

Upande wa kulia, pakiti ya gozi ilikuwa na alama ya shisha ya mchanga, na kando yake 2027-03, mwaka ukitangulia. Kwa tarehe ilikuwa salama. Nilipoikuza picha nikaona duara la kahawia kwenye karatasi yake, alama ya maji yaliyokauka. Karatasi ikilowa hupitisha vijidudu, na kukauka hakuirudishii usafi wake. Gozi hiyo haifai tena kuwekwa juu ya kidonda kibichi. Bendeji ya kawaida haikuwa na shisha wala tarehe, nayo haina shida: kazi yake ni kushikilia gozi, si kugusa kidonda, mradi iwe safi na kavu.

Kitu kimoja picha haikuweza kujibu: gundi ya plasta. Shangazi alibandika moja mkononi, ikang'oka kabla hajanawa. Nyingine, ya roli, ilishika vizuri. Alikata kipande chake, akakibandika kwenye chupa mpya ya matone na kuandika kwa kalamu siku aliyoifungua.

Dawa zilizoisha muda alimpelekea mfamasia, si jalalani.