Gizagiza si Giza Totoro

Katika miaka niliyofundisha Kiswahili chuo cha ualimu, niliwauliza wanachuo kila mwaka swali lile lile: neno linaporudiwa, maana inakuwaje? Karibu wote walijibu kwamba linatiwa mkazo. Ukiwauliza juu ya maneno kama totoro, fofofo na pa, jibu lilikuwa hilo hilo. Basi walipofasiri kwenda Kiingereza, kila neno la namna hiyo walilipa neno moja tu, lile la Kiingereza linalolingana na "sana" yetu. Wako wafasiri waliokubuhu wanaofanya vivyo hivyo mpaka leo. Mimi naona jibu hilo ni nusu ya ukweli, na kuna mahali ambapo nusu hiyo inaweza kumpeleka mtu jela.

Mahali penyewe ni mahakamani. Kwa miaka mingi, katika mahakama zetu zilizo juu ya mahakama za mwanzo, shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza papo hapo. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Lakini majalada na hukumu za miaka ya nyuma zimebaki katika Kiingereza, na wanasheria wanaendelea kuzirejea. Shahidi alisema moja, na pengine karatasi inasema jingine.

Natoa mfano wa kutunga, ambao niliutumia darasani. Mama mwenye duka la khanga Mtaa wa Uhuru, pale Kariakoo, anaeleza alivyoibiwa: "Ilikuwa gizagiza, nafunga duka. Wakaja vijana watatu, wakanisukumasukuma. Mmoja akanizaba kofi, pa! Wakachukua khanga doti mbili mbili, wakakimbia." Mwandishi mwenye haraka ataandika kwa Kiingereza maneno ambayo, tukiyarudisha kwetu, yatasomeka hivi: "Kulikuwa na giza. Vijana watatu walinisukuma na kunipiga sana. Walichukua doti mbili za khanga." Kwa sikio la harakaharaka hakuna kilichopotea. Sasa tuhesabu.

Tuanze na mali, maana hapo hesabu haibishaniwi. Kila mchuuzi wa Kariakoo anayetangaza "mia tano mia tano" anajua kuwa hasemi bei moja kwa nguvu zaidi. Anasema kila fungu lina mia tano yake. Tarakimu ikirudiwa inagawa. Vijana watatu, doti mbili mbili, ni doti sita. Doti moja ni khanga mbili, kwa hiyo mama kapoteza khanga kumi na mbili, na jalada linamlipa nne. Mshtakiwa naye ataweza kusema kwamba shahidi anajipinga, kwa sababu polisi alitaja doti sita na mahakamani kataja mbili. Kumbe hakujipinga hata kidogo.

Pili ni lile kofi. Neno "pa" linaiga sauti, lakini angalia linavyofanya kazi. Ni pigo moja, kavu, lililokwisha. Yangekuwa mengi, mama angesema "pa, pa, pa". Mwandishi aliyeweka "kunipiga sana" amemwongezea kijana mapigo ambayo hakuna aliyeyashuhudia. Neno linaloonekana kuwa pambo ndilo lililobeba idadi.

Kusukumasukuma ni kugumu zaidi, na hapa ndipo kanuni ya mkazo inapovunjika kabisa. Kitenzi kikirudiwa, mara nyingi tendo linatawanyika: linafanywa huku na huku, tena na tena, pengine bila nguvu nyingi. Anayetembeatembea hana safari, na mtoto anayelialia hajaumia sana. Lakini usifanye haraka kusema kuwa kurudia kunapunguza. Kukatakata si kukata kidogo; ni kukata vipande vingi, na kitu chenyewe hakibaki kizima. Kwa hiyo umbo la neno peke yake halitoshi kukuambia kama mama alibughudhiwa au aliumizwa. Ni lazima aulizwe: walikusukuma mara ngapi, ulianguka?

Nimeliacha giza mpaka mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yote. Mwaka 1980, katika kesi ya Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliweka masharti juu ya ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho. Mahakama iangalie shahidi alimtazama mtuhumiwa kwa muda gani, akiwa umbali gani, kama ilikuwa mchana au usiku, mwanga ulikuwaje, na kama alimfahamu tangu awali. Kwa hiyo mama yule akisema kwamba alimwona mmoja wao na anaweza kumtambua, neno alilolitumia kueleza giza linaweza kuamua kesi nzima.

Gizagiza ni giza lisilokomaa, la magharibi, wakati duka linafungwa na uso wa mtu wa karibu bado unaonekana. Hapa kurudia kumepunguza, kama vile uji wa majimaji usivyokuwa maji. Giza totoro ni kinyume chake. Totoro haliendi na neno jingine lolote ila giza, kama pe linavyokwenda na weupe, na fofofo na usingizi. Na linapotamkwa limefunga mlango. "Giza sana" huacha nafasi ya giza jingine lililozidi hilo. Totoro haliachi nafasi. Hakimu akiandika "giza" tu kwa yote mawili, shahidi wa gizagiza ataonekana mwongo aliyemwona mtu asiyeonekana, na shahidi wa totoro atapewa macho ambayo hakuwa nayo.

Kuna kipimo chepesi nilichowapa wanachuo. Weka "kidogo" kisha "kabisa" baada ya neno, usikilize. "Giza totoro kabisa" linapita. "Giza totoro kidogo" linachekesha. "Kulikuwa gizagiza kidogo" linapita. Ukiliwekea "kabisa" sikio linasita. Neno linalokataa "kidogo" limefika mwisho wa kipimo chake, na linalokataa "kabisa" liko njiani.

Mfasiri wa riwaya anayo njia nzuri ya kushughulika na totoro: ataandika kwamba mtu hakuuona mkono wake mwenyewe, na msomaji wake ataliona giza lile. Ni ufasiri mwema, nami ningeupa alama za juu. Mahakamani njia hiyo ni hatari. Mama hakutaja mkono wowote. Ukiuandika, umemtilia kinywani ushahidi, na wakili atamuuliza juu ya mkono ambao hakuusema.

Kwa kumbukumbu za namna hiyo nashauri jambo moja. Neno lenyewe liachwe kwa Kiswahili katikati ya maandishi ya kigeni, kisha shahidi aulizwe swali moja la wazi na jibu lake liandikwe: uliweza kutofautisha rangi ya shati? Alichukua kila mmoja, au wote kwa jumla? Swali kama hilo halichukui hata dakika nzima. Na msomaji wa rufani, miaka kumi baadaye, atalikuta "gizagiza" kama lilivyotoka mdomoni, na karibu yake rangi ya shati, aamue mwenyewe kama uso uliweza kuonekana.