Tundu la pili limefungwa breki kiwandani

Televisheni ya 4K inayotoa hezi 60 kwenye tundu la HDMI 1, kisha ikakwama kwenye hezi 30 kwenye HDMI 2, mara nyingi haina ubovu wowote. Imefungwa breki kwenye menyu, na aliyeifunga ni mtengenezaji kabla sanduku halijafika dukani. Uamuzi huo ni wa makosa, na gharama yake humwangukia mnunuzi ambaye hakuambiwa kuna kitu cha kufungua.

Hesabu yenyewe ni fupi. Picha ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, lakini pamoja na nafasi tupu za pembeni waya hubeba 4400 kwa 2250. Zidisha kwa 60, unapata pikseli milioni 594 kwa sekunde, yaani megahezi 594. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 inaishia megahezi 340. Kwa hezi 30 hesabu inashuka hadi 297 na kupita bila shida. HDMI 2.0, iliyotoka Septemba 2013, ilipandisha kikomo hadi 600. Ndiyo maana namba 30 hujirudia kila mahali: ndiyo kasi ya kawaida ya juu ambayo 4K yenye rangi kamili inaweza kupata ndani ya HDMI 1.4.

Laptopu haiijui televisheni kwa kuitazama. Inapochomekwa husoma karatasi ndogo ya kidijitali iitwayo EDID, ambamo televisheni hutaja inachoweza kupokea. Kila tundu lina EDID yake, kwa hiyo matundu mawili ya runinga moja yanaweza kutoa maelezo tofauti. Hapo ndipo kosa lilipo. Watengenezaji wengi huweka EDID ya HDMI 1.4 kwenye tundu ambalo ndani yake lina uwezo kamili wa 2.0, na kuacha ile ya kweli nyuma ya swichi ya menyu iliyozimwa.

Sababu wanayotoa ni vifaa vya zamani: baadhi ya deki na ving'amuzi huchanganyikiwa vikikuta maelezo mapya, na skrini hubaki nyeusi. Ni kweli vifaa hivyo vipo. Lakini kiwango chenyewe kilishaliona hilo. Maelezo ya HDMI 2.0 yamewekwa katika kifungu cha pekee, na kifaa kisichokijua kinatakiwa kukiruka na kusoma kile cha zamani. Kasi kubwa nayo haianzi mpaka chanzo cha picha kiiombe. Kifaa kilichotengenezwa kwa kufuata kanuni hakipati madhara yoyote. Kwa hiyo, ili kuwakinga wachache wenye deki iliyoandikwa vibaya, wenye vifaa vizuri wamepewa nusu ya walichonunua. Skrini nyeusi mwenyewe huiona siku ileile na kutafuta msaada. Hezi 30 hazilalamiki, na mtu anaweza kuishi nazo miaka akidhani macho yake ndiyo mabovu.

Majina ya swichi yanaongeza ugumu. Kwa LG ni "HDMI ULTRA HD Deep Colour", kwa Samsung ni "HDMI UHD Color" au "Input Signal Plus" kutegemea mwaka, na kwa Sony ni "HDMI signal format", ambapo huchaguliwa "Enhanced format". Hakuna hata moja kati ya hayo linalotaja hezi. Mwenye tatizo la mwendo hawezi kukisia kwamba dawa iko chini ya majina hayo. TV ya chogo, pamoja na uzito wake, haikuwa na fumbo hili: ukichomeka waya wa njano kwenye tundu lolote la AV, unapata mikupuo 50 kwa sekunde, yote.

Chukua banda umiza la Ilemba, wilayani Sumbawanga, lenye runinga ya inchi 55. King'amuzi kimekaa HDMI 1, na laptopu inayoleta mechi kwa intaneti iko HDMI 2. King'amuzi kinachotoa 1080i hakiguswi na tatizo hili, kwa kuwa picha hiyo ni ndogo mno kufikia kikomo cha 1.4. Laptopu ndiyo inayoumia. Mechi ya Ulaya ikirushwa kwa picha 50 kila sekunde, skrini ya hezi 30 inaacha 20 kati yake, tena kwa mpangilio usio sawa. Krosi inaruka angani kwa vituo.

Hapo kwa kawaida mtu hutumwa Sumbawanga mjini kununua waya mpya, ikiwezekana wenye ncha za dhahabu. Nauli hiyo inapotea bure. Waya wa kawaida hauwezi kuandika upya EDID. Waya dhaifu huonyesha dalili nyingine: nukta zinazometameta, au picha inayokatika na kurudi baada ya hezi 60 kukubaliwa. Uchunguzi sahihi hauhitaji senti. Laptopu ileile na waya uleule vihamishiwe HDMI 1. Hezi 60 zikitokea, laptopu na waya vimeachiwa huru, na mkosaji ni tundu la pili. Zikigoma kwenye matundu yote, mshukiwa ni laptopu yenyewe, kwa kuwa nyingi bado zina HDMI 1.4, au ni adapta ya USB-C ya bei nafuu, au swichi imezimwa kwenye matundu yote.

Kwenye Windows kasi husomwa chini ya "Advanced display". Kwenye Linux inayotumia Xorg:

```
xrandr --query
```

Mstari wa `3840x2160` ukianza na `30.00` bila `60.00` kwenye HDMI 2 pekee, huenda tundu hilo limefungwa. Swichi ibadilishwe wakati tundu hilo ndilo linalotazamwa, maana runinga nyingi huihifadhi kwa kila tundu peke yake. Kisha waya uchomolewe na kurudishwa ili EDID isomwe upya, na hezi 60 zichaguliwe kwa mkono endapo laptopu imebaki kwenye 30.

Yapo matundu ambayo kweli ni dhaifu. Sony X900E ya mwaka 2017 ina matundu manne, na ni la 2 na la 3 tu yanayopokea upana kamili. Kwenye tundu la namna hiyo dawa ya kwanza ni kuhama. Ya pili ni YCbCr 4:2:0, ambayo huacha mwanga wa kila pikseli ulivyo lakini pikseli nne hugawana taarifa moja ya rangi. Mzigo unapungua nusu, na 4K ya hezi 60 inarudi kwenye megahezi 297. Mwaka 2014 NVIDIA iliifungua njia hiyo kwa programu tu kwenye kadi za Kepler zenye HDMI 1.4. Hao walitafuta mwendo ndani ya chombo kidogo; waliowafuata wana chombo kikubwa na wanakifunga. Kasoro ya 4:2:0 ni maandishi madogo ya rangi, hasa mekundu juu ya nyeusi, ambayo huwa na ukungu. Kwenye mpira haionekani.

Runinga ikikataa yote mawili, laptopu iwekwe 1920 kwa 1080 kwa hezi 60, na runinga iachiwe kazi ya kukuza picha. Kwa mechi, hilo ni bora kuliko 4K ya hezi 30, hasa kwa kuwa matangazo mengi ya intaneti hayazidi 1080.