Zamu ya Amani: kuusoma mchezo wa dakika mbili

Mchezo unaanza kwa vidole viwili vinavyobana pua. Wanafunzi wa darasa la sita wamekaa kwenye benchi wakati wa mapumziko. Amani, ambaye wazazi wake wametoka Uvira, anafungua kontena lake la chakula. Ndani mna ugali na ndagala, dagaa wale wa Ziwa Tanganyika. Mvulana aliye karibu naye anabana pua bila kusema neno. Wa pili anamwiga, wa tatu anacheka, halafu linatoka lile neno ambalo Johannesburg humrushia Mwafrika mgeni: kwerekwere. Msichana mmoja pembeni anatazama viatu vyake. Amani anafunga kontena. Mchezo umekwisha.

Nimeutunga mfano huu kwa kufuata kanuni za aina hii ya mchezo, ili tuusome kama tunavyosoma shairi, tukiangalia umbo kabla ya ujumbe. Nimeuweka Braamfontein, Johannesburg, kwa sababu. Hapo, katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, ndipo ilipo Drama for Life, programu iliyoanzishwa na Warren Nebe, ambayo hufundisha wanafunzi wa chuo kutumia maigizo shuleni na mitaani badala ya kusubiri watazamaji wakate tiketi. Kilomita chache kutoka hapo ni Yeoville, ambako Wakongo wengi wamefanya makao, na katika soko lake samaki wakavu wana meza zao.

Umbo lenyewe limetoka mbali zaidi. Mbrazili Augusto Boal alikuwa akifanya kazi Peru mwaka 1973. Kwa simulizi yake mwenyewe, mama mmoja kati ya watazamaji alichoka kuona waigizaji wakiharibu ushauri wake, akapanda jukwaani kuonyesha mwenyewe alichokusudia. Tangu hapo kanuni ikawa hii: mchezo huonyeshwa mara ya kwanza mpaka uishie vibaya. Kisha huanza upya, na mtazamaji yeyote anaweza kuusimamisha, akaingia mahali pa mhusika na kujaribu njia nyingine. Anayeongoza, ambaye wenzetu wa Tanzania wangemwita mwezeshaji, Boal alimpa jina la ile karata isiyo ya kopa, shupaza, uru wala pau. Kazi yake ni kuuliza tu. Hana upande.

Boal, hata hivyo, alitaka mtazamaji achukue nafasi ya mwenye kuonewa. Hata mradi wa Tuseme, uliozaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 kwa juhudi za Penina Mlama na Amandina Lihamba, ulishika njia hiyo: msichana mwenye tatizo ndiye aliyepanda jukwaani kulisema. Mchezo wetu umehamisha kiti. Anayebadilishwa si Amani. Ni yule msichana mwenye kutazama viatu. Uhamisho huu unaonekana mdogo, lakini umegeuza mchezo mzima, na si kwa faida tupu.

Faida yake ni ukweli. Kumwambia mtoto anayechekwa na watu watano ajitetee vizuri zaidi ni kumwongezea mzigo. Wanaotazama ndio wengi, tena hawafanani. Mwanasaikolojia wa Finland, Christina Salmivalli, na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba darasa zima huwa na kazi katika uonevu: yupo anayeanza, anayesaidia, anayechochea kwa kicheko, anayejitenga, anayetetea. Mchezo ulioandikwa vizuri hugawa kazi hizo kwa miili. Ndiyo maana nimependa ile pua. Ishara huambukiza bila maneno, na mtoto anayeibeba anaweza kuiacha bila maneno vilevile. Kama mwandishi angewapa watazamaji wote sentensi moja ya kuimba kwa pamoja, angekuwa amefunga mlango ambao mtoto angepitia.

Ufupi nao una sababu. Hawkins, Pepler na Craig, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2001, walirekodi watoto viwanjani mwa shule za Toronto. Wenzao waliingilia kati katika asilimia 19 tu ya matukio, lakini walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Kinachofanyiwa mazoezi, basi, ni pumzi mbili tatu, wala si hotuba. Mchezo wa dakika 20 wenye visa vya nyumbani na ndoto za usiku utawaliza watu, lakini mtoto hataona pa kuingilia.

Sasa turudie mchezo. Mvulana wa kwanza kati ya watazamaji anasimamisha, anachukua nafasi ya msichana, anaruka mbele na kufoka: "Acheni!" Darasa linapiga makofi. Mwenye kubana pua, ambaye ni mwanafunzi wa chuo aliyefunzwa kutolegea upesi, anamgeukia: "Kwani wewe ni mama yake?" Kicheko kimehamia kwa mtetezi, wanasukumana, macho yote yako kwao. Mwangalie Amani. Bado ameshika kontena, kimya, kama meza. Hapa ndipo hasara ya kile kiti kilichohamishwa inapoonekana: mtetezi amepata mchezo wake, na aliyeonewa amegeuka sehemu ya mapambo.

Wa pili anakwenda kumwita mwalimu. Ni njia halali, ila jukwaani hakuna mwalimu, na hapo mwezeshaji dhaifu humleta kutoka hewani. Boal aliwaruhusu watazamaji kupiga kelele wanapoona suluhisho lisilowezekana, na kwa Kiswahili tunalo neno lililokaa tayari: mazingaombwe! Mwezeshaji mzuri huuliza, mwalimu akiwa njiani, nani amekaa na Amani? Na kesho, ukiitwa mchongezi, utajibu nini? Kisha huiigiza hiyo kesho.

Wa tatu ni msichana mdogo wa kimo. Hamgusi mchokozi hata kwa jicho. Anasogea kwenye benchi, anakaa kati ya Amani na mchokozi, anamwambia Amani: "Nionjeshe."

Msomaji wa Kiswahili ana kipimo cha kupimia tofauti hii, kipimo ambacho vitabu vya Boal havina. Sisi tuna utani, na utani una sheria: unayemtania ana haki ya kukujibu, tena akikuzidi unacheka wewe. Pasipo zamu ya kujibu, hiyo ni dhihaka hata kama kila mtu anacheka. "Acheni!" inamjibu mchokozi. "Nionjeshe" inampa Amani zamu, maana ombi limeelekezwa kwake na ni yeye pekee anayeweza kulijibu.

Si kwamba njia hii haina walakini. Mchokozi akisema "mdomo wako nao utanuka," msichana lazima awe na ujasiri wa kutafuna, na hilo ndilo la kurudiwa mara mbili tatu mpaka mwili ulizoee. Pia yote haya huharibika pale mwalimu anapompa nafasi ya Amani mtoto ambaye kweli huchekwa darasani. Utaijua dalili yake: kicheko cha watazamaji hakikomi mchezo unaposimamishwa. Hapo usiendelee. Badilisha chakula, badilisha jina, mpe nafasi hiyo mtu mzima, na baada ya mchezo kila mwigizaji ataje jina lake halisi mbele ya wote.

Tuseme mambo yamekwenda sawa. Kontena limefunguliwa tena, msichana amechukua samaki mmoja kwa ncha za vidole, viwili vilevile ambavyo wenzake walivitumia kubana pua. Mwezeshaji amenyamaza. Sasa ni Amani.

"Kichwa pia kinaliwa," anasema.