Mhasibu wa mishahara hakuitwa

Mliokuwa ukumbini Jumatatu ile ya kuwapokea waajiriwa wapya mliona hotuba ilipoharibika: pale afisa rasilimali watu alipoamua kutambulisha watu kwa ngazi ya cheo, kuanzia mkurugenzi mkuu kushuka, kisha akafunga orodha alipofika kwa wakuu wa idara. Historia ya taasisi aliieleza vizuri, tena kwa ufupi.

Utambulisho ndio uliokosewa. Mkuu anasimama, anatajwa jina na cheo, anapunga mkono, anakaa, anasimama mwingine. Walipofika kama sita hivi, waajiriwa waliacha kuandika. Cheo peke yake hakimwambii mgeni aende kwa nani kwa jambo gani. Siku ya kwanza hana shida na mkurugenzi wa mipango. Shida yake iko kwa mhasibu wa mishahara, na mhasibu huyo alikuwa kwenye kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango, fomu zake mapajani, hakuitwa.

Angalieni tarehe. Ilikuwa 18, na orodha ya mishahara pale hufungwa tarehe 20. Ambaye hajawasilisha namba ya akaunti ya benki, TIN na namba ya NSSF kufikia hapo, anasubiri mwezi unaofuata. Hilo lilitakiwa kusemwa kwa sauti, na anayepokea fomu asimame aonekane. Badala yake, wageni walikwenda masijala, masijala ikawapeleka utawala, utawala ukawaambia wasubiri barua. Siku mbili zikaisha. Wako walioanza kazi mwezi ule wakalipwa mwisho wa mwezi uliofuata, wakati kodi ya chumba haikuwasubiri. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya ajira kwa maandishi anapoanza kazi, malipo yakiwemo. Walikuwa nayo makaratasi hayo. Lakini mkataba hauonyeshi mlango wa kugonga.

Nimelalamika hapa mara nyingi juu ya maneno "sisi ni familia moja", na safari hii tena yalichukua nafasi ya maelezo. Aliye kwenye kipindi cha majaribio anataka kujua nani atamtathmini, lini, na kwa vigezo gani. Hakuambiwa.

Afisa utumishi mmoja wa zamani niliyefanya naye kazi, mzee wa miaka ya 1990, hakuwa hata na projekta. Alianza na karani wa masijala, akafuata mhasibu: "Huyu ni Mama Mishahara, chumba namba 4. Namba ya benki mpelekeeni yeye kabla ya Ijumaa." Jina, chumba, jambo, siku. Kisha akamwita msimamizi wa kila mgeni aje amchukue mtu wake. Wakuu wa idara aliwatambulisha mwishoni, watatu tu, wale ambao saini zao mgeni angezihitaji mwezi huo. Waliobaki walipita wenyewe kuwasalimu wageni kwenye meza zao.