Maji Meusi ya Mto Mara na Adabu ya Kalamu

Machi 2022, maji ya Mto Mara katika bonde la chini lenye mafunjo, kuelekea Daraja la Kirumi, yalipogeuka meusi na samaki wakaelea wakiwa wafu, habari ilikwenda mbio kuliko mkondo wenyewe, hata kabla mwandishi hajachovya kalamu yake kila mwenye simu alikuwa amekwisha kuhukumu kwamba mgodi wa dhahabu wa North Mara, ulioko Nyamongo wilayani Tarime, ndio uliomwaga sumu. Kuandika katika saa kama hiyo, pasipo kuwa tarishi wa uvumi wala kujifanya bubu, ni sanaa ninayoiheshimu kuliko ufasaha wa maneno.

Aliye hodari huanza kwa kuupa uvumi nasaba yake. Mwaka 2009 maji yenye tindikali ya mgodi yalivuja kuingia Mto Tigithe, ambao humwaga maji yake Mara. Na mwaka 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvujisha maji ya bwawa la tope. Mambo haya yaandikwe kwa tarehe zake, ili msomaji aone kuwa shaka ya wananchi si wazimu. Kisha aya ifungwe, wala yasivutwe hadi Machi 2022, maana kwa mwezi ule ushahidi wake ni mwingine.

Ikaja kamati ya watu 11 iliyoundwa na Waziri Selemani Jafo, mwenyekiti wake Profesa Samwel Manyele, ikasema kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na uozo wa mimea. Watu wakacheka, na magazeti yakajaza kurasa zake kicheko kile. Lakini kicheko hakibatilishi neno, na hapa ndipo mwandishi mwenye maarifa anapoongeza faida: mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa juu ya mto huu huu, ukaonyesha kwamba kinyesi cha viboko kilichotuama katika vidimbwi hukombwa na mafuriko, kikioza hula oksijeni ya maji, na samaki wa mkondo wa chini wakafa kwa kukosa pumzi. Basi hoja ya kamati haikuwa muhali kwa asili yake. Wala hilo halithibitishi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mwenye kuandika sentensi ya kwanza bila ya pili ameuza nusu ya bidhaa.

Tena iko hesabu, ambayo wengi wetu huikimbia kama deni. Katika taarifa za siku zile zilipita takwimu za kinyesi zenye mabilioni, nazo zikanakiliwa mkono kwa mkono kana kwamba ni za kisheria. Chukua karatasi: ng'ombe 300,000, na kila mmoja umpe kilo 25 za kinyesi kwa siku, kiasi ambacho zebu wetu hakifikii kwa urahisi, kisha uzidishe kwa siku 240. Utapata kilo bilioni 1.8, ambazo ni tani milioni 1.8. Anayeandika tani bilioni 1.8 amekosea mara elfu, hata kama aliyemwambia ni mkubwa. Na hata hizo milioni si zote zilizofika majini, kwani sehemu kubwa hubaki malishoni. Maswali haya mawili, ya kipimo na ya njia, yana nguvu kuliko lawama kumi.

Nao wavuvi wana elimu wasiyoulizwa. Swali la mwandishi kwao lisiwe "nani alifanya?", bali "nani alikufa, saa ngapi, na wa kwanza alikuwa yupi?". Kamongo huvuta hewa juu ya maji, hivyo uhaba wa oksijeni pekee humwacha hai kwa muda mrefu huku sangara akifa mapema. Basi wakisema kamongo na vyura nao walikufa kwa pamoja, dhana ya sumu hupata uzito, na wakisema samaki walionekana alfajiri wakihema usoni mwa maji, uzito huegemea upande mwingine. Hili si hukumu, ni dalili, na liandikwe hivyo hivyo kwa jina lake. Picha nayo isitumike mpaka aliyeipiga aseme alisimama wapi, kwani mto wenye samaki wafu haujiandiki jina.

Ninawaomba waandishi wa Tarime na Serengeti, wilaya ambazo mto huu huzipitia kabla ya kufika Kirumi, wakati mwingine maji yakibadilika waombe siku ile ile kipimo cha oksijeni iliyoyeyuka, pamoja na mahali na saa kilipochukuliwa. Maana samaki wengi hutaabika ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita, na mkondo ukisharudisha hewa yake, mashahidi wanaobaki ni wachache.