Kilo nne za unga, lita thelathini za maziwa

Chai ya hitma ikitoka nyepesi, lawama huangukia unga wa maziwa. Mara nyingi unga hauna kosa. Kosa lilifanyika kwenye ndoo, kabla maziwa hayajafika jikoni.

Tuchukue hitma ya watu 300, kila mmoja kikombe kimoja cha mililita 200. Hiyo ni chai lita 60. Ikipikwa nusu kwa nusu, tunahitaji lita 30 za maziwa yenye uzito wa yale ya ng'ombe. Lita moja ya namna hiyo hutoka kwenye gramu 130 za unga wenye mafuta yake yote na mililita 900 za maji, kwa sababu unga wenyewe hujaza mahali pa mililita 100 hivi. Kwa hiyo mpishi wetu alipima kilo 3.9 za unga na lita 27 za maji. Angemimina unga huo kwenye lita 30 za maji angepata karibu lita 33, na wepesi huo ungeanza kuonjeka, hasa baada ya kuchanganywa na maji ya chai.

Unga aliupima kwa mizani. Kikombe hudanganya, kwani unga uliotikiswa hushindiliana na ule uliochotwa hivi hivi hukaa na hewa ndani. Asiye na mizani aamini uzito ulioandikwa kwenye pakiti: pakiti ya gramu 500 hutoa maziwa chini kidogo ya lita 4. Asome pia kilichoandikwa nyuma yake. Unga ulioondolewa mafuta hutaka gramu 90 hadi 100 tu kwa lita, na kuuongeza zaidi hakurudishi ladha ya mafuta ambayo haimo.

Sehemu iliyomchukua muda ni kuyeyusha. Maji ya moto sana hulowesha unga wa juu, ukageuka utando wa kunata, na katikati ya donge pakabaki pakavu. Hata ukikoroga, donge halipasuki. Maji baridi nayo huacha mafuta yakiwa magumu, unga ukaelea. Joto linalofaa ni nyuzi 45 hivi, ambalo mkono unalivumilia. Alilipata bila kipimajoto: lita 7 za maji yaliyochemka kwa lita 20 za maji ya bomba, yale ya pwani ambayo hayana ubaridi.

Kisha akagawa kazi katika ndoo tatu, kila moja kilo 1.3 za unga. Hakumwaga maji yote pamoja. Alitia lita mbili kidogo kidogo huku akikoroga, hadi akapata rojo zito kama uji wa mgonjwa. Siri iko hapo: katika rojo zito madonge husuguana na kupasuka, ilhali katika maji mengi huukimbia mwiko. Rojo liliposawazika akaongeza lita saba zilizobaki, ndoo ikafika lita 10. Akayaacha yatulie dakika 20 ili chembe zinywe maji na povu lishuke, kisha akayachuja. Unga ukibaki kwenye chujio kwa wingi, maziwa yaliyopita ni mepesi kuliko hesabu. Urudishwe, uvurugwe na maziwa kidogo, uchujwe tena.

Kwenye sufuria alichemsha kwanza maji, majani na tangawizi. Utaratibu huu una sababu. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa yakiwa ya moto ambayo hayajachemka, na kuchemka kwa dakika kadhaa hukiua. Anayetia maziwa na tangawizi mbichi pamoja kisha akapasha polepole atayaona yakifanya chembe chembe, aseme unga ulikuwa mbovu. Maziwa yalipoingia, kuni zikapunguzwa na mwiko ukawa unakwangua chini, maana unga uliozama huungua mapema na harufu yake huenea sufuria nzima.

Kwa uji, maziwa yaleyale huingia mwisho, uji ukishaiva, na maji ya kupikia yapunguzwe kwa kiasi cha maziwa yatakayokuja. Ukitia unga mkavu kwenye uji unaochemka, utapata madonge yasiyoisha. Ndimu na ukwaju visiingie sufuriani, kwa kuwa ukali wake hukata maziwa. Anayependa ndimu akamulie bakulini mwake, na asile kwa kuchelewa.

Mpishi hakukoroga ndoo zote alfajiri. Unga mkavu hukaa miezi, lakini ukishapata maji ni maziwa kama maziwa mengine, na kwa joto la pwani saa mbili nje ya jokofu zinatosha kuanza kuyaharibu. Ndoo ya tatu ilikorogwa wageni wa mwanzo walipokuwa wameshika vikombe.