Safu ya Marejesho

Mahurunga, karibu na Mto Ruvuma, korosho hazikosekani. Wanaobangua na kukaanga nyumbani hupakia kilo moja moja na kuzipeleka mbali kwa basi. Hesabu za biashara hiyo naziona zimependeza pale muuzaji anapokataa kufuta kitu. Pakiti ikirudi, hachori mstari juu ya mauzo ya awali. Anaandika upya kwenye safu ya marejesho: tarehe ya leo, namba ya mauzo ya zamani, sababu, na hali ya mzigo.

Tuchukue mfano. Pakiti 20 zimekwenda Dar es Salaam kwa shilingi 25,000 kila moja, yaani 500,000. Gharama ya kila pakiti ni 18,000, ikijumuisha korosho ghafi, mkaa, vibarua na mifuko. Za shambani kwake nazo ameziandikia bei, ile ambayo zingepata mnadani. Nauli ya mzigo ni 15,000. Kwa haraka haraka, faida ni 125,000.

Halafu simu zinaanza. Mteja mmoja anarudisha pakiti mbili, alitaka korosho nzima akapata vipande. Pakiti ya tatu imelowa njiani, ya nne haikufika kabisa. Wateja wote wanarudishiwa pesa: 100,000. Nauli ya kurudisha ni 4,000 na makato ya kutuma pesa 2,000.

Mauzo halisi sasa ni 400,000. Hapa ndipo wengi hujikwaa. Wanatoa tena 50,000 kwa zile mbili, iliyolowa na iliyopotea, ilhali bei yake imeshaondoka pamoja na pesa iliyorudishwa. Kinachobaki kuhesabiwa ni gharama yake, na hiyo imo tayari ndani ya pakiti 18 ambazo hazipo tena stoo: 324,000. Toa na 21,000 za nauli na makato. Faida ni 55,000.

Raha ya kazi hii iko kwenye kuthibitisha. Kinachobaki kwenye mauzo halisi baada ya kuondoa gharama za pakiti zote 20, nauli na makato ni 19,000 tu, na ukiishia hapo utadhani umeibiwa. Ongeza pakiti mbili zilizorudi, zenye thamani ya 36,000: unapata 55,000 ileile kwa njia nyingine.

Ila lazima azifungue azionje. Hewa ya pwani ina unyevu, na korosho iliyolegea haivunjiki kwa mlio. Zikiwa hivyo na anajua atauza kwa 12,000 tu kila moja, aziandike stoo kwa 12,000 kila moja. Faida inashuka hadi 43,000. Na wenye basi wakilipa fidia ya ule mzigo uliopotea, iingie kwenye mstari wake siku ya kupokelewa, isichanganywe na mauzo.

Ukiweza kuongeza safu moja tu kwenye daftari lako, iwe ya sababu. Mwisho wa msimu ihesabu: kama “vipande” vimeandikwa mara nyingi kuliko “imelowa”, tatizo lako liko kwenye kuchambua, si kwenye basi.